Inchi 27 au 32? Anza na umbali wa jicho lako

*Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mhasibu hapa Arusha, mama wa miaka 46, nafanyia kazi nyumbani. Meza yangu ina upana wa sentimita 120 na kina cha 60, imegusa ukuta. Laptopu ni ThinkPad T470 ya mtumba, kioo cha inchi 14. Nataka monita ya kuongezea. Dukani wamenionyesha tatu: inchi 27 Full HD, inchi 27 wanayoiita 2K, na inchi 32 ya 4K. Kazi yangu ni Excel kutwa, vitabu vyangu vina safuwima kuanzia A hadi AF, na maandishi madogo siku hizi yananishinda. Ile ya 32 naiona kubwa mno kwa meza yangu, tena ghali. Nichukue ipi?*

Dada yangu, chukua ya 32, ila kuna mambo matatu ya kuhakikisha kwanza: miwani yako, kimo cha stendi, na tundu la laptopu utakalochomeka waya. Kama fedha haitoshi, rudi kwenye ile ya 27 wanayoiita 2K. Ya 27 Full HD iache hapo hapo dukani, hata wakikupunguzia.

Sasa nikueleze nimefikaje hapo, maana hesabu yenyewe utaiweza kuliko mimi.

Tuanze na umbali. Watu wengi hupima kina cha meza wakadhani wamemaliza. Stendi ya monita ina mguu unaotokeza nyuma, kwa hiyo ukiisukuma hadi ukutani kioo chenyewe hubaki mbele ya ukuta kwa sentimita 15 hivi. Upande wako nako, ukiwa umeegemea kiti vizuri, macho hayako juu ya ukingo wa meza. Yako nyuma yake kwa kama sentimita 20. Basi 60, toa 15, ongeza 20: macho yako yatakuwa sentimita 65 kutoka kwenye kioo. Usiniamini mimi, chukua tepu ya fundi, kaa unavyokaa saa kumi jioni ukiwa umechoka, na mtu akupimie kuanzia pembeni mwa jicho hadi mahali kioo kitakapokuwa. Ukipata 60 au 70, hesabu zinazofuata utazirudia kwa namba yako.

Kwa nini naanza hapo? Kwa sababu hakuna kioo chenye picha safi au chafu peke yake. Kuna kioo na umbali wa anayekitazama. Unakumbuka ule ubao wa herufi kwa daktari wa macho, unaosomwa ukiwa mita 6? Herufi za mstari wa 6/6, ule wa jicho zima, zina kimo cha milimita 8.7 hivi, na kila mstari unaochora herufi una unene wa milimita 1.745. Hicho ndicho kitu kidogo ambacho jicho la kawaida hukitenganisha na jirani yake kutoka mita 6. Gawa milimita 6,000 kwa 1.745 utapata karibu 3,440. Uwiano huo haubadiliki: umbali wowote, ugawe kwa 3,440, utapata ukubwa wa nukta ambayo jicho zima linaanza kushindwa kuiona ikiwa peke yake.

Kwako ni milimita 650 gawa kwa 3,440, sawa na milimita 0.189. Ishike namba hiyo.

Nukta za kioo ndizo pikseli, na ukubwa wa moja unaupata kwa kugawa upana wa kioo kwa idadi ya pikseli za mlalo. Kioo cha inchi 27 kina upana wa milimita 598. Full HD ina pikseli 1,920 kwenda upande, kwa hiyo kila moja ni milimita 0.311. Hiyo imezidi kipimo chako kwa zaidi ya nusu yake. Ukisogeza jicho kidogo utaona ngazi kwenye mkia wa herufi "s" na kwenye mshazari wa "7". Ile wanayoiita 2K jina lake kwenye boksi ni QHD, pikseli 2,560 kwa 1,440. Kila nukta ni 0.234. Bado iko juu ya kipimo, lakini si mbali, na watu wengi hawaoni shida. Ya inchi 32 ina upana wa milimita 708 na pikseli 3,840, na hapo nukta moja ni 0.184. Hiyo imepita chini ya kipimo chako.

Dukani watakutajia kitu hiki hiki kwa PPI, yaani pikseli ngapi katika inchi moja. Ukitaka kuoanisha, gawa 25.4 kwa milimita za nukta. Tatu zako ni takriban 82, 109 na 138, na kipimo chako cha sentimita 65 ni kama 134. Mimi napendelea milimita kwa sababu rula ninayo.

Kipimo hicho si ukuta. Jicho zuri la kijana huona zaidi ya 6/6, na mistari ya mshazari husaliti pikseli hata zikiwa ndogo kuliko hapo. Kwa maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe, lakini, kinatosha kabisa kufanyia uamuzi.

Jaribu hesabu hiyo kwenye laptopu yako, kama kioo chake ni cha Full HD. T470 nyingine zilitoka na kioo cha chini yake, cha 1366 kwa 768, basi angalia kwanza. Inchi 14 ina upana wa milimita 310, gawa kwa 1,920, nukta ni 0.161. Ndiyo maana mtu hununua monita kubwa ya Full HD, akaiweka kando ya laptopu, kisha akalalamika kwamba kubwa ndiyo yenye ukungu. Haina ubovu wowote. Pikseli ni zile zile kwa idadi, ila zimetandazwa kama chapati kwenye sufuria pana. Mimi mwenyewe niliwahi kununua inchi 32 ya Full HD kwa ajili ya kuandikia, nikavutiwa na ukubwa na bei. Nukta zake zilikuwa milimita 0.37. Wiki mbili sikumaliza, nikampa kijana wa nyumbani achezee michezo, akiwa amekaa kitandani kwa mbali. Kutoka huko ilikuwa nzuri ajabu.

Hapa ndipo watu wengi huishia, wakidhani pikseli ndogo ndiyo nafuu ya macho. Kwako wewe, hapa ndipo kazi inaanza, maana umesema maandishi madogo yanakushinda, na usafi wa herufi na ukubwa wa herufi ni mambo mawili. Windows ikiachwa bila kukuzwa, herufi huchorwa kwa idadi maalumu ya pikseli. Herufi kubwa ya Calibri 11 ndani ya Excel ina kimo cha pikseli 9 na kidogo, tuseme 9.4. Pikseli zikiwa ndogo, herufi nayo inakuwa ndogo. Kwenye Full HD ya inchi 27 herufi hiyo ina kimo cha milimita 2.9. Kwenye QHD inashuka hadi 2.2. Kwenye 4K ya inchi 32 ni 1.7, na hapo dada yangu ungenipigia simu kunilaani.

Tiba yake ni kukuza. Fungua Settings, ingia System, kisha Display, utakuta sehemu inaitwa Scale. Pale kuna 100%, 125%, 150%, 175% na kuendelea. Ukiweka 4K ya inchi 32 kwenye 175%, ile 1.7 inapanda hadi milimita 3.0, na sasa kila herufi imechorwa kwa pikseli nyingi zaidi, kwa hiyo ni kubwa na safi kwa pamoja. Milimita 3.0 sikuiokota njiani. Viwango vya ISO 9241, vinavyohusu kazi za kompyuta, vinataka herufi ionekane kwa pembe isiyopungua dakika 16, dakika moja ikiwa sehemu moja ya 60 ya nyuzi, na vinapendekeza 20 hadi 22. Kwa umbali wa sentimita 65, dakika 16 ni milimita 3.0. Yaani upo kwenye sakafu ya kiwango, siyo kwenye dari. Kwa macho ya miaka 46 nisingekubali ushuke chini ya hapo kwa kazi ya kutwa.

Kabla hujaniuliza kwa nini basi usichukue Full HD ambayo tayari ina 2.9 bila kukuza chochote, tuhesabu safuwima zako. Safuwima ya Excel ambayo hujaigusa upana wake ni pikseli 64 kabla ya kukuza. Ondoa nafasi ya namba za mistari kushoto na ya kuburutia kulia, Full HD inakuonyesha safuwima 29, unaishia AC. Wewe unataka AF. Kila ukitaka kuona jumla unaburuta kulia, kila ukitaka jina la mteja unarudi kushoto. QHD kwenye 125% inakupa herufi ya milimita 2.7 na safuwima 31, unaishia AE. Safuwima moja tu imekukimbia! 4K ya inchi 32 kwenye 175% inafika AG, AF ikiwa ndani kwa raha, na herufi ni ile ya milimita 3.0.

Tazama kilichotokea hapo. Ukishaamua safuwima 32 lazima zionekane, ukubwa wa herufi unaamuliwa na upana wa kioo peke yake. Upana wa milimita 598 gawa kwa 32, au 708 gawa kwa 32: hakuna idadi ya pikseli itakayobadilisha mgao huo. Pikseli zinaamua tu kama herufi itakuwa na kingo laini au ngazi. Ndiyo maana nakusukuma kwenye 32, na ndiyo maana nisingekupa 32 ya QHD, ambayo nukta zake ni 0.277. Ukiikuta dukani kwa bei nzuri, ujue kwa nini.

Sasa yale mambo matatu.

La kwanza miwani. Katika umri wetu huu lenzi ya jicho imeshaanza kukakamaa, na miwani ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa kitabu, sentimita 40 hivi. Ukiivaa kutazama kitu kilicho sentimita 65, huenda ukaona ukungu, na ukungu huo hauponywi na 4K. Chukua gazeti, libandike ukutani, kaa sentimita 65 kwa tepu, uvae miwani yako. Kama kingo za herufi za habari hazijakatika vizuri, jaribu bila miwani. Kama hata hivyo hazikatiki, fedha ya kwanza ipeleke kwa mpimaji wa macho, na umtajie namba yenyewe, 65, badala ya kumwambia "ya kompyuta". Ukiruka hatua hii utajikuta unainama mbele hadi sentimita 45, na kila hesabu niliyoifanya hapo juu imeharibika, pamoja na shingo yako.

La pili ni kimo. Kioo cha inchi 32 kina urefu wa sentimita 40 kwenda juu. Ukiwa umekaa, pima kutoka juu ya meza hadi usawa wa jicho. Wengi wetu tunapata kama sentimita 45. Ukingo wa juu wa kioo unatakiwa uwe hapo au chini kidogo, kwa sababu kutazama juu kwa saa nyingi kunakausha macho na kuchosha shingo. Maana yake chini ya kioo isibaki nafasi ya zaidi ya sentimita 5 kutoka mezani. Stendi nyingi za bei rahisi hazishuki, na zinaacha sentimita 10 au zaidi. Dukani uliza ishushwe mpaka mwisho wake, kisha upime. Isiposhuka, igeuze uangalie mgongoni kama kuna matundu manne yaliyopangwa mraba wa milimita 100 kwa 100, yanayoitwa VESA. Yakiwepo, utaifunga kwenye mkono wa chuma unaobanwa ukingoni mwa meza, na utaishusha utakavyo. Kama haishuki na haina matundu, hapo ndipo nitakubaliana nawe kwamba ni kubwa mno kwa meza yako, na utachukua ya 27.

Kama utakuwa umeandikiwa miwani yenye sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya kusomea, kuwa mkali zaidi kwenye kipimo hiki. Wenye miwani hiyo huinua kidevu ili wasomee sehemu ya chini ya lenzi, na kioo kirefu kinawakunja shingo kwa nyuma. Nimeona mtu akihangaika na mto wa kiti miezi mizima wakati kisa kilikuwa hicho.

Upana usikutishe. Sentimita 71 kwenye meza ya 120 zinaacha nafasi ya laptopu kando. Kingo zitakuwa nyuzi 29 kila upande kutoka katikati, kwa hiyo utageuza kichwa kidogo kuona A au AF. Safuwima unazoandikia mara kwa mara zilete katikati kwa kufuli ya Freeze Panes upande wa majina.

La tatu ni tundu la kuchomekea, na hapa ndipo laptopu za mtumba huwaumbua watu. Tundu la HDMI la T470 ni la toleo la 1.4. Litapeleka picha ya 4K, ila mara 30 tu kwa sekunde badala ya 60. Picha ikisimama huoni tofauti. Sogeza kipanya au buruta jedwali, utaona mshale unaruka ruka na mistari inakimbia kwa vipande, na utaanza kumlaumu aliyekuuzia monita. Mashine yako ina tundu lingine la umbo la yai, USB-C, lenye alama ndogo ya radi. Hilo linapeleka 4K kwa 60 bila taabu. Nunua waya unaotoka USB-C kwenda tundu la DisplayPort la monita. Usitumie wa chaja ya simu, ule mara nyingi haupitishi picha kabisa. Ukilazimika kutumia adapta ya USB-C kwenda HDMI, hakikisha boksi limeandikwa 4K 60Hz, maana nyingi za bei ya chini zinaishia 30.

Kwa hiyo nenda dukani na laptopu yako na waya wako. Ichomeke, fungua Settings, System, Display, na ubofye namba ya monita mpya. Kwenye Display resolution, namba yenye neno (Recommended) iwe 3840 × 2160. Ikisoma 1920 × 1080 wakati boksi linatamba 4K, kuna mawili: waya ni mbovu, au ni kioo cha Full HD kinachokubali tu kupokea picha ya 4K na kuipunguza. Badilisha waya, ukiona hali ile ile ondoka. Kisha ingia Advanced display usome kiwango cha mara kwa sekunde, kiwe 60Hz. Mwisho weka Scale 175%, fungua kitabu chako mwenyewe cha Excel, kaa sentimita 65, uone kama unaisoma AF bila kuinama. Wakikuletea televisheni ya inchi 32 badala yake, kwa kuwa ni rahisi, kataa. Nyingi za ukubwa huo zina pikseli 1,366 tu kwenda upande, zaidi ya nusu milimita kila moja.

Ukifika nyumbani, jambo moja linaweza kukusumbua. Excel na programu mpya zitakuzwa vizuri, lakini programu ya uhasibu ya miaka mingi nyuma inaweza kuonekana na ukungu, kwa sababu yenyewe haijui kukuzwa na Windows inaivuta kama picha. Bofya kulia alama yake, chagua Properties, kisha Compatibility, kisha Change high DPI settings. Weka tiki kwenye Override high DPI scaling behavior na uchague System (Enhanced). Ifunge uifungue tena. Mara nyingi maandishi yanasafika. Ikikaa na ukungu ule ule, hiyo programu ifungulie kwenye kioo cha laptopu, na vitabu vyako vya Excel vibaki kwenye kikubwa.